Tupeane uzoefu: kutafsiri barua ya shukrani kwa familia iliyokupokea

Kalamu_Arua: Mgeni amekaa miezi 10 kwa familia moja hapa Arua, amerudi kwao, ameandika shukrani kwa Kiingereza. Mama mwenye nyumba anasoma Kiswahili. Nikifuata neno kwa neno inatoka baridi kama risiti. Nyie mnafanyaje?

Mama Shamim: Anza na salamu. Yeye kaanza na asante mstari wa kwanza, lakini mama anangoja kuulizwa bibi anaendeleaje, watoto, mvua. Mistari mitatu inatosha. Halafu angalia anamshukuru nani. "You" ya Kiingereza haitenganishi mmoja na wengi. Ukiandika "nakushukuru" kote, baba na watoto umewatoa nje. Pa kukaribishwa weka "nawashukuru". Pa chakula rudi kwa mama. Na jina abaki nalo lile lile la pale nyumbani: kama alimwita Mama Amina, ni Mama Amina.

Boda Msomi: Pale anaposema wamemwachia pengo, andika "nimewakosa". Fupi, imeisha.

Mama Shamim: Ufupi uko sawa, neno ndilo baya. "Nimewakosa" ni mtu aliyefika akakuta kufuli mlangoni. Ukizidisha herufi moja, "nimewakosea", tayari anaomba msamaha! Sema "nimewakumbuka sana".

Boda Msomi: Mbona mtaani tunasema "nimewamisi"?

Mama Shamim: Kwenye simu, sawa. Hii atasomewa bibi.

Kalamu_Arua: Na "nyinyi ni familia yangu ya pili"?

Mzee wa Kamusi: Toa hiyo! Nyumba yenye mke mkubwa na mke mdogo, "familia ya pili" inasikika vingine kabisa. Andika "sasa nami nina kwetu Arua". Vilevile "mlinifungulia nyumba yenu" ni habari ya ufunguo. "Mlinipokea nikawa mtoto wa nyumbani" ndiyo anayoitaka.

Kijana wa Jinja: Mimi nataka kushukuru ubalozi kwa viza. Na hizo salamu za bibi niweke?

Mzee wa Kamusi: Hiyo barua ya ofisi, mwanangu. Bibi muache apumzike.

Mama Shamim: Kalamu, kuna "asante kwa wema wenu wote"? Hapo ndipo panapopoza barua. Waganda humshukuru mtu kwa kazi aliyoifanya: aliyepika anaambiwa kwa Kiganda "weebale kufumba", yaani asante kwa kupika. Mpigie mgeni, muulize wema upi.

Kalamu_Arua: Nimempigia. Kasema ni maji ya kuoga, mama alikuwa akimchemshia kila alfajiri kabla hajaenda shambani. Nimeandika: "Mama, asante kwa maji ya moto ya kila alfajiri."

Mzee wa Kamusi: Tamu. Ila kwenye karatasi yake halimo, na mtafsiri haongezi.

Mama Shamim: Si kasema mwenyewe kwa mdomo wake?

Mzee wa Kamusi: Basi aliandike kwanza kwa Kiingereza, ndipo ulitafsiri.