Keki imepata laiki, maandazi yameseviwa: nijue vipi watu wamethamini nini?

MamaMaboksi
Wakuu, habari za jioni. Nauza keki na maboksi ya vitafunwa hapa Dar, nipo Tabata, na wateja wengi nawapatia Instagram. Ukurasa anausimamia mdogo wangu, na hapo ndipo tunapogombana. Yeye anaangalia laiki basi. Posti ikipata laiki nyingi anasema hii ndiyo watu wanaitaka, kesho anarusha nyingine kama hiyo. Mimi nimeingia kwenye Insights nikaona mambo hayafanani. Hizi hapa posti nne, zote zina zaidi ya wiki na hakuna niliyoilipia tangazo.

1. Picha ya keki ya harusi ya ngazi tatu. Imefikia watu 6,200. Laiki 410, komenti 38, imesheiwa mara 9, imeseviwa mara 14.
2. Vipimo vya maandazi ya iliki, picha sita za kuburuza. Imefikia watu 2,100. Laiki 96, komenti 11, imesheiwa mara 37, imeseviwa mara 168.
3. Video ya mdogo wangu akiigiza mteja anayeomba keki ya 80,000 apewe kwa 25,000. Imefikia watu 18,400. Laiki 900, komenti 120, imesheiwa mara 640, imeseviwa mara 22.
4. Boksi la sambusa, katlesi na kachori, bila bei, tumeandika "bei njoo DM". Imefikia watu 1,900. Laiki 71, komenti 52, imesheiwa mara 19, imeseviwa mara 12.

Mdogo wangu anataka video za kuchekesha tu kuanzia sasa. Nikitaka kujua watu wamethamini nini hasa, niamini kipi hapo?

Kijana_Mwenge
Sevu ndiyo mfalme dada, hilo halina mjadala. Laiki mtu anagusa huku anashuka kwenye daladala, ila kusevu ni mpaka ameona kitu cha maana. Halafu algorithimu yenyewe inahesabu sevu moja kama laiki tano au zaidi. Weka vipimo kila siku, hizo keki achana nazo.

Mpima_Samaki
Kijana ameanza vizuri akamalizia vibaya, nitalirudia.

Mama, kwanza usilinganishe namba zilivyo. Video imefikia watu karibu mara tisa ya maandazi, lazima kila kitu chake kionekane kikubwa. Gawa kila namba kwa watu waliofikiwa, kisha zidisha kwa 1,000. Ukifanya hivyo laiki zinakaribiana: keki 66, video 49, maandazi 46, boksi 37. Kwa laiki peke yake huwezi kujua lolote, maana mfuasi wako anagusa moyo kwa kila kitu, hata salamu za Ijumaa.

Sasa angalia sevu. Maandazi ni 80 kwa kila watu 1,000. Keki ni 2, video ni 1. Hiyo tofauti huhitaji mtaalamu. Kwenye kushea, video inaongoza kwa 35, maandazi 18, boksi 10, keki haifiki 2. Kwa hiyo una posti tatu ambazo watu wamezithamini, kila moja kwa namna yake, na moja ambayo wameipongeza tu. Ile ya kupongezwa ndiyo inayoongoza kwa laiki ukizigawa.

Anayesevu anajiwekea mwenyewe: nitarudi siku nikiwa na unga. Anayeshea anazungumza na mtu mwingine kwa kutumia posti yako. Video yako wameishea kwa sababu kila mtu ana rafiki anayeomba kupunguziwa namna hiyo, wanamtumia wakimwambia "huyu ni wewe kabisa". Wanachothamini hapo ni huo utani wao. Keki ingekuwa jozi ya viatu, video ingesheiwa vilevile.

MamaMaboksi
Asante mkuu, hiyo ya kugawa nimeielewa. Lakini boksi umelipita haraka. Lina komenti 52 kwa watu 1,900 tu. Si ndiyo nyingi kuliko zote?

Mpima_Samaki
Ukizigawa ndiyo, ni 27 kwa 1,000, na keki na video ziko kwenye 6. Ila komenti usizihesabu kabla hujazisoma. Fungua hiyo posti uniambie: ngapi zimeandikwa na wewe mwenyewe?

MamaMaboksi
Nimefungua. 26 ni za kwetu, "njoo DM mpendwa". Za watu ni 26, na 21 kati ya hizo ni "bei?" au "mnaleta Mbezi?"

Mpima_Samaki
Haya. Majibu yako nayo yanaingia kwenye hesabu, kwa hiyo 27 imeshuka hadi 14. Hata hivyo bado ni zaidi ya mara mbili ya keki, na fungua ya keki uone, nakuhakikishia ni "hongera", "mashallah" na mioyo. Mtu anayeuliza kama mnaleta Mbezi ameshaanza kupanga. Kwa mfanyabiashara hizo 21 zina uzito kuliko laiki 900 za video.

Ila kuna tatizo ndani yake. Sehemu ya hizo komenti umezitengeneza mwenyewe kwa kuficha bei. Ukiandika bei, "bei?" zitapungua, na posti itaonekana imedorora wakati huenda imeuza zaidi. Kwa hiyo usilinganishe komenti za posti yenye bei na isiyo nayo. Na ukianza ile michezo ya "taja marafiki watatu ushinde keki", komenti za siku hiyo usizihesabu kabisa. Umezinunua kwa keki.

Tausi_K
Dada kama laiki zinakuumiza kichwa si uzifiche tu? Tangu 2021 Instagram inamruhusu kila mtu kuficha idadi ya laiki. Mimi nilizificha na nalala vizuri.

MamaMaboksi
Haziniumizi Tausi, zinamuumiza mdogo wangu 😂 Na nikizificha, mimi mwenyewe na yeye bado tutaziona.

Spea_Kisauni
Mimi niko Mombasa, nauza spea za magari, na hizo hesabu zenu kwangu hazifanyi kazi. Nilipiga picha pedi za breki mbili, halisi na feki, nikaonyesha tofauti kwenye maandishi ya boksi na ukingo wa bamba. Insights ikasema imesheiwa mara 6. Sita! Lakini simu zilizopigwa wiki hiyo, jamaa wananiambia wameiona kwenye grupu la madereva wa matatu. Mtu alipiga picha ya skrini akairusha WhatsApp, na huko ikazunguka yenyewe. Instagram haihesabu picha ya skrini. Tangu siku hiyo naandika namba yangu ya simu juu ya picha yenyewe, na kila anayepiga namuuliza, umeniona wapi ndugu yangu? Jibu lake naliandika daftarini. Hilo daftari ndilo Insights yangu.

Mpima_Samaki
Spea amesema jambo ambalo wengi hawalioni. Huku kwetu mtu kutoa kitu Instagram kukipeleka stetasi ya WhatsApp ni kawaida kabisa, na picha ya bei au ya vipimo ndiyo inayopigwa skrini zaidi kuliko video. Kwa hiyo shea za boksi ni 19 kwa uchache. Huko nje hatujui zimefika ngapi.

BiMkubwa_Ilala
Mimi si mtaalamu, ni mteja, na nimekuwa kwenye kamati za harusi zaidi ya ninavyotaka kukumbuka. Niwaambie tunavyofanya. Boksi la vitafunwa nikiliona nalituma kwa katibu wa kamati, mmoja tu. Hapo mwenye posti anaona shea moja, lakini ni watu 300 wa ukumbini. Keki nzuri ya harusi naisevu. Halafu, mnisamehe, siku ikifika namwonyesha fundi keki wa karibu na mimi, namwambia nitengenezee kama hii. Kwa hiyo hizo sevu 14 za keki msizishangilie sana.

Kijana_Mwenge
Bi mkubwa umeua 😂😂

MamaMaboksi
Hiyo imeniingia. Na maandazi nayo? Nimeangalia komenti zake 11, watatu wanatoka Mwanza, mmoja Nairobi, mmoja anauliza kama unga wa dona unafaa. Hawa hawawezi kununua boksi langu.

Mpima_Samaki
Ndiyo maana nilisema Kijana amemalizia vibaya. Sevu 168 ni uthamini wa kweli, sibishani. Lakini wamethamini mwalimu wa maandazi, na wewe unauza vitafunwa. Mtu anayejifunza kukaanga mwenyewe huenda ndiye hatanunua kabisa. Ukianza kuuza darasa la mapishi, hiyo namba ni dhahabu. Kwa sasa itumie kujua tu kwamba watu wanakuamini jikoni.

Na lile la sevu moja sawa na laiki tano, hizo namba watu wanapeana mitandaoni, Instagram yenyewe haijazitoa. Alichosema Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, Januari 2025, ni kwamba vinavyobeba uzito zaidi ni muda ambao watu wanatazama, laiki kwa waliofikiwa, na kutumiwa kwa mtu mwingine kwa waliofikiwa. Laiki zinasaidia zaidi kwa wafuasi ulio nao, kutumiwa kunasaidia zaidi kukufikisha kwa wasiokufuata. Sevu hakuitaja kwenye hizo tatu. Hapo mdogo wako ana hoja kidogo, video yake ndiyo inayokupeleka kwa watu wapya.

MamaMaboksi
Usimwambie hivyo atavimba kichwa. Nimeangalia wafuasi wapya walioletwa na kila posti: video 12, maandazi 41, boksi 4.

Mpima_Samaki
Watu 18,400 wameona video, 12 wamebaki. Wamecheka wakapita. Lakini usiifute. Jaribu kumwambia aziweke sambusa zako ndani ya utani, mteja aombe boksi la 35,000 kwa 10,000, boksi lionekane mezani na jina la Tabata litajwe. Ukiona waliobaki wameongezeka, shida ilikuwa ujumbe. Wasipoongezeka, basi ni watazamaji wa vichekesho tu na hawakuhusu. Na namba kama sevu 12 za boksi na 14 za keki usizilinganishe, ni ndogo mno, mashangazi wawili wakigusa wanazigeuza. Chukua posti tano tano za kila aina, zote uzisome zikiwa na umri sawa, maana sevu na shea za vipimo huendelea kuingia hata baada ya mwezi wakati laiki nyingi huja siku mbili za mwanzo.

Spea_Kisauni
Na daftari dada. Umeniona wapi.

MamaMaboksi
Narudi na mrejesho kidogo. Boksi tumelirusha tena, safari hii bei ikiwa juu ya picha pamoja na namba ya simu. Komenti zimeanguka kama mkuu alivyosema, ziko 9, na mdogo wangu anasema nimeua posti. Shea ni 31 kwa watu 2,050. Oda zimeingia, mbili za ofisini, ila wote wawili nilipowauliza wameniona wapi wakasema "nimetumiwa", na hawakumbuki na nani.

BiMkubwa_Ilala
Mmoja ni katibu wetu huyo. Tunataka mabokisi arobaini Jumamosi, mnaleta Ilala?