Sisi warefu, kijana katuishia njiani. Ushauri jamani

Twiga Mzee: Wakuu, heshima kwenu. Mimi nina sentimita 193, mama watoto 178. Kijana wetu ana miaka 21, kasimama kwenye 184 tangu kidato cha tano. Shangazi zangu wameanza maneno ya chini chini, mmoja kaniambia waziwazi nikapime vinasaba. Kuna kitu hapa?

Mama Pacha: Wangu wana miaka 12 na wanapitwa na wenzao. Mpe maziwa na umning'inize mlangoni, atavutika tu.

Kipimajoto: Mama Pacha, huyu wa 21 mifupa imeshafunga. Wako bado.

Twiga, Mwingereza Francis Galton alichapisha vipimo vya jambo hili mwaka 1886, kwa watoto 928 waliokwisha kukua, wa familia 205. Aliona wazazi wakizidi wastani wa watu, watoto wao huzidi kwa kama theluthi mbili tu ya hapo. Tupige yako. Urefu wa mwanamke aliuzidisha kwa 1.08 ulingane na wa wanaume, basi 178 inakuwa 192. Nusu kwa nusu na 193 yako ni 192.5. Tuseme wanaume wa kwenu kwa kawaida ni 170. Mmezidi 22.5, theluthi mbili yake ni 15. Kijana alitegemewa 185. Ana 184! Waambie mashangazi wapumzike.

Twiga Mzee: Sasa hiyo theluthi nyingine inaenda wapi?

Kipimajoto: Kufika 193 mambo mengi yalikuangukia upande mmoja: jeni nyingi ndogondogo, chakula cha utotoni, kutougua sana. Jeni mtoto anazipata, ila zinachanganywa upya. Bahati yako ya utotoni hairithiwi.

Bwana Kokoto: Kwa hiyo vizazi vikienda wote tutakuwa kimo kimoja. Nilijua.

Kipimajoto: Hapana. Geuza. Chukua vijana warefu kuliko wote mtaani, pima baba zao: wengi utakuta ni wafupi kuliko wao. Wazazi wa kimo cha kati ndio wengi, na katika watoto wao huchomoza warefu wapya na wafupi wapya.

Dereva wa Usiku: Mimi 190, mke 176, mwanangu 196. Hesabu yako imekufa.

Kipimajoto: Haijafa, hiyo ni ya wastani. Hata ndugu wa tumbo moja hupishana sentimita 5, hata 10.

Dereva wa Usiku: Ikipatia ni hesabu, ikikosea ni wastani. Sawa bwana.

Bi Mwalimu: Na theluthi mbili ni ya Waingereza wa karne ya 19. Kwetu, ambako mtoto wa leo huenda anakula vizuri kuliko baba yake, isichukuliwe kama sheria.

Kipimajoto: Hapo umenishika, mwalimu. Twiga, marehemu baba yako alikuwa na kimo gani?

Twiga Mzee: Kama 178 hivi. Nilimpita nikiwa kidato cha pili.

Kipimajoto: Na mashangazi walisema nini wakati huo?