Siku ya 9 na setralini: kichefuchefu tupu, nafuu sijaiona. Niache?

Kipepeo: Wadau, naombeni ushauri. Daktari alinianzishia setralini miligramu 50 kwa ajili ya sonona, kidonge kimoja kila asubuhi. Kichefuchefu hakiniachi, usiku nashtuka moyo unadunda, na huzuni iko palepale. Leo nimekishika kidonge kiganjani muda mrefu nikijiuliza nakimeza cha nini.

Baharia: Acha tu. Mimi nilitumia fluoksetini mwaka mzima, nikaacha siku moja, sikuhisi lolote.

Mama Pili: Pole mwanangu. Dawa za usingizi zilinifunga miaka miwili, kila mara nataka zaidi. Jihadhari.

Mfamasia wa Zamu: Mama Pili, hizo ni dawa za aina nyingine. Setralini haileti ile hamu ya kuongeza kidonge.

Baharia, yako ilikuwa fluoksetini, ambayo hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo ilijipunguza yenyewe. Setralini hutoka ndani ya siku chache. Aliyeizoea kwa miezi akiikata ghafla anaweza kupata kizunguzungu, hasira, ndoto za ajabu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Ndiyo maana dozi hushushwa kidogo kidogo, pengine kwa miezi.

Kipepeo, kwa siku 9 huenda hayo yasikupate. Ila utakuwa umebeba mzigo wa mwanzo bure. Serotonini, kemikali ya mwili ambayo dawa hii huiongeza, huanza kupanda mapema, na kwa kuwa nyingi ya mwili iko tumboni, tumbo ndilo hulalamika kwanza. Kwenye ubongo, seli zikiona imezidi hupunguza kuitoa, na breki hiyo huchukua wiki kulegea. Hayo si maelezo yote, lakini yanalingana na tunachokiona: kichefuchefu hupungua ndani ya wiki moja au mbili, nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4, na dozi hupimwa kwa haki wiki ya 6 hivi. Imeze baada ya kula. Una umri gani? Mawazo ya kujidhuru yamekujia?

Kipepeo: Miaka 23. Hapana, ila natapatapa, siwezi kutulia kitini.

Mfamasia wa Zamu: Basi mpigie daktari leo, usingoje miadi. Chini ya miaka 25 wiki za mwanzo huangaliwa kwa karibu, na kutapatapa huko lazima akujue. Anaweza kukushusha hadi miligramu 25 kwanza. Mwambie pia mtu unayeishi naye. Mawazo hayo yakija, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Jirani Mwema: Kwangu mke wangu ndiye aliyeona kwanza, wiki ya 5: nilikuwa nimenyoa ndevu bila kuambiwa. Hamu ya tendo la ndoa ndiyo haijarudi hadi leo, mwezi wa 8. Kuna aliyebadilishiwa dawa ikarudi?

Kipepeo: Nimempigia. Kasema nikate kidonge nusu kuanzia kesho, nirudi Alhamisi. Dada yangu nimemwambia.