Je, sheria ya Uganda ilazimishe logi ya mabadiliko isiyozimika katika programu za uhasibu?

Mjumbe wa bodi, Kampala (mwenye swali): Mkaguzi wetu wa nje amekuta ankara ya msambazaji iliyopostiwa Machi 2024. Karatasi inasema shilingi 14,800,000, programu yetu ya uhasibu, Odoo, inasema 18,400,000, na benki ililipa ile kubwa. Logi inasema aliyebadilisha ni Administrator, na nywila hiyo wanaijua wahasibu watatu na fundi mmoja. India imeshaweka sheria kwamba programu ya hesabu iwe na logi isiyoweza kuzimwa. Na sisi tufanye hivyo, au itakuwa gharama ya bure?

Mhasibu wa SACCO, Mbarara: Sheria ya nini tena? Odoo haimfichi mtu. Washa hali ya wasanidi, bofya alama ya mdudu juu, chagua `View Metadata`. Utaona nani ameigusa rekodi na saa ngapi. Huyo ndiye mtu wako, kesi imekwisha.

Mkaguzi wa nje, Kampala: Dada yangu wa Mbarara, hapo umeshika mkia ukadhani ni ng'ombe mzima. Ukiacha aliyeiunda rekodi na lini, ile skrini inasoma sehemu mbili tu, `write_uid` na `write_date`, nazo huhifadhi mguso wa mwisho peke yake. Mtu akipandisha kiasi tarehe 28 Machi, halafu Mei karani mwingine akasahihisha namba ya rejea ya ankara ileile, skrini itamtaja karani wa Mei. Nyayo za Machi zinakuwa zimefutwa juu yake, na asiye na kosa ndiye anayeitwa ofisini.

Historia yenyewe iko kwenye ujumbe ulio kando au chini ya ankara, na kwenye hifadhidata unausoma hivi (4127 ni namba ya ndani ya ankara, inaonekana kwenye anwani ya ukurasa):

```
SELECT m.date + interval '3 hours' AS kampala,
       m.create_uid, m.author_id, t.*
FROM mail_message m
LEFT JOIN mail_tracking_value t
       ON t.mail_message_id = m.id
WHERE m.model = 'account.move' AND m.res_id = 4127
ORDER BY m.date;
```

Zile saa 3 sijaziweka kwa urembo. Odoo huhifadhi muda kwa UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Ukichota data moja kwa moja bila kuongeza, 20:40 utaisoma kuwa saa 2:40 usiku, wakati ambapo pengine mhasibu mmoja alikuwa bado ofisini akifunga mwezi. Ukweli ni saa 5:40 usiku, na ofisi imefungwa. Pia `author_id` ni namba ya mtu kwenye orodha ya washirika, `create_uid` ni namba ya mtumiaji. Namba 3 ya huku si namba 3 ya kule. Anayeunganisha majedwali hayo kwa haraka humtaja mtu ambaye hata hajui ankara hiyo ipo.

Kwa kawaida ya kesi kama hii, mstari wa kwanza utaonyesha hali kutoka Posted kwenda Draft, yaani kuna aliyebofya `Reset to Draft`. Dakika chache baadaye kiasi kinabadilika, kisha hali inarudi Posted. Mistari hiyo mitatu ikifuatana hivyo, swali la *nini* limejibiwa. Swali la *nani* bado.

Mfanyabiashara wa jumla, Arua: Lakini URA, watu wa kodi, si walishamaliza jambo hili? Tangu Januari 2021 tuko kwenye EFRIS, mfumo wao wa ankara za kielektroniki. Mimi ankara ikishatoka siwezi kuigusa, nikikosea natoa hati ya kupunguza deni na lazima ikubaliwe. Sheria nyingine ya kazi gani?

Mkaguzi wa nje, Kampala: Mzee, hiyo ni ankara *unayotoa*. Hapa tunazungumzia ankara waliyopokea wakaiingiza wenyewe kwenye mfumo wao, na EFRIS haioni kinachoandikwa humo ndani. Ila umetusaidia bila kukusudia. Kama msambazaji yuko kwenye EFRIS, karatasi yake ina namba ya hati ya kodi, na namba hiyo unaihakiki kwenye tovuti ya URA. Ikirudisha 14,800,000, tuna shahidi wa nje ambaye hakuna mtu wa ofisi hiyo anayeweza kumfikia. Mjumbe, anzeni hapo kabla ya kumuuliza mtu yeyote.

Mhasibu wa hospitali, Gulu: Samahani, nadhani mnakimbilia wizi. Tofauti ni 3,600,000. Gawanya kwa 9, unapata 400,000 kamili. Kila aliyewahi kutafuta mizania isiyolingana anajua maana yake: huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, 14.8 ikawa 18.4. Kidole kimeteleza.

Mkaguzi wa nje, Kampala: Kinaweza kuteleza, sikatai. Lakini kwanza tazameni thamani ya zamani kwenye logi. Kama ankara ilipostiwa mara ya kwanza kwa 18.4, nakubaliana nawe. Kama ilipostiwa kwa 14.8, ikakaa wiki mbili, kisha ikafunguliwa usiku kwa akaunti ya Administrator, basi kidole hicho kiliteleza kikiwa kimejipanga. Bado inawezekana mtu alifungua ili asahihishe VAT akaandika upya vibaya. Jambo la kuangalia ni akaunti ya benki iliyopokea ile ziada: ya msambazaji mwenyewe, au iliyowekwa karibu na tarehe hiyo.

Fundi wa hifadhidata, Jinja: Mnazungumza kana kwamba logi ya programu ndiyo mwisho. Mimi nikiwa na nywila ya PostgreSQL, hifadhidata inayotumiwa na Odoo, naandika `UPDATE` moja kwenye `account_move_line`, na Odoo haitajua. Hakuna ujumbe utakaoandikwa, hata `write_date` haitasogea, kwa sababu sehemu hiyo hujazwa na programu, si na hifadhidata. Na PostgreSQL yenyewe haiweki kumbukumbu ya maagizo hayo mpaka umeiambia. `log_statement` huja ikiwa `none`. Ukiweka hivi kwenye `postgresql.conf` na kupakia mipangilio upya, inaanza kuandika:

```
log_statement = 'mod'
log_line_prefix = '%m %u %h '
```

India wenyewe walikwama hapohapo. Kanuni yao inahusu miaka ya fedha inayoanza 1 Aprili 2023 na kuendelea, na mkaguzi analazimika kutoa ripoti juu ya logi. Matokeo yake, ripoti nyingi zilisema logi iliwashwa kwenye programu lakini si kwenye hifadhidata. Sheria imetimizwa, mlango wa nyuma uko wazi.

Mhasibu wa SACCO, Mbarara: Haya, nimekubali kuhusu `write_uid`. Lakini kuna ule mfumo wa kufunga maingizo kwa heshi. Jarida likishawekwa hivyo, kitufe cha `Reset to Draft` hakifanyi kazi tena kwa maingizo yaliyofungwa. Si hiyo inatosha?

Fundi wa hifadhidata, Jinja: Inasaidia sana, na ningeiwasha leo. Kila ingizo hubeba alama iliyokokotolewa pamoja na alama ya ingizo lililotangulia, kwa hiyo ukichezea moja, mnyororo wote unaofuata haulingani. Tatizo ni mawili. Heshi hushika vitu vichache kama tarehe, jarida, kampuni, debiti, krediti, akaunti ya leja na mshirika. Akaunti ya benki ya mlipwaji haimo, kwa hiyo mtu anaweza kuelekeza malipo kwingine na mnyororo ukabaki mzima. La pili, njia ya kukokotoa iko wazi kwa kila mtu. Mwenye seva anaweza kukokotoa mnyororo mzima upya. Dawa yake ni kuchukua heshi ya mwisho kila mwezi na kumtumia mkaguzi kwa barua pepe. Hapo atakayekokotoa upya atanaswa na nakala iliyo nje ya mikono yake.

Mjumbe wa bodi, Kampala: Hayo ni ya kesho. Kwa ankara hii, tunaweza kumjua aliyekuwa nyuma ya Administrator?

Fundi wa hifadhidata, Jinja: Labda, na nasema labda kwa uzito. Kwanza thibitisha `create_uid`. Namba 1 ni OdooBot, yaani mfumo wenyewe au kazi iliyopangwa. Administrator kwa kawaida ni 2. Kumbukumbu za kuingia kwenye `res_users_log` usizitegemee: Odoo hufanya usafi wake na kumwachia kila mtumiaji rekodi ya mwisho tu. Kilichobaki ni logi ya seva, inayoandika anwani ya IP ya kila ombi. Hapo kuna mitego miwili. Kama Odoo iko nyuma ya nginx, seva inayopokea maombi kwanza, bila `proxy_mode = True`, logi yake itaandika `127.0.0.1` kwa watu wote. Logi ya nginx ina anwani halisi, ila kwenye Ubuntu kwa mpangilio wa kawaida huzungushwa kila siku na kubaki 14. Ankara ni ya Machi, mkaguzi kaja miezi kadhaa baadaye. Mmechelewa, isipokuwa mwenye kuhifadhi seva yenu ana nakala za diski nzima.

Nakala za hifadhidata za usiku, za `pg_dump`, mkizipata, rejesheni ya siku moja kabla ya badiliko na ya siku moja baada yake kwenye mashine nyingine, mlinganishe ankara hiyo. Haitawapa jina, lakini itathibitisha kiasi cha zamani hata kama kuna mtu amefuta ujumbe.

Mkaguzi wa nje, Kampala: Na hata IP ikipatikana, msikimbilie polisi nayo peke yake. Laini za simu hugawanya anwani moja kwa wateja wengi kwa wakati mmoja. Katika ripoti, mkaguzi makini ataandika "badiliko lilifanywa kwa akaunti ya Administrator, inayojulikana na watu wanne", na ataishia hapo. Kutaja jina bila ushahidi mwingine ni kubahatisha kwa lugha ya kitaalamu.

Ndiyo maana mimi naunga mkono sheria, ila si ile ya India neno kwa neno. Ningetaka vitu viwili: akaunti ya pamoja isiruhusiwe kuposti wala kufungua ingizo, na logi inakiliwe kila siku mahali ambapo msimamizi wa mfumo hana ruhusa ya kufuta. Kodi tayari inatutaka kutunza kumbukumbu miaka 5. Logi ya siku 14 inaingiaje hapo?

Mhasibu wa hospitali, Gulu: Na nani atalipia? Hospitali ndogo ina mhasibu mmoja, na huyohuyo ndiye msimamizi wa mfumo. Mkimnyima ruhusa ya kufuta, ataimiliki nani? Pia logi hiyo ni taarifa binafsi za wafanyakazi, saa walizoingia na mahali walipokuwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mtamwambia nini mfanyakazi anayeuliza kwa nini mienendo yake inatunzwa miaka 5?

Mkaguzi wa nje, Kampala: La data ninaloweza kulijibu: tunza vitendo juu ya maingizo ya hesabu, usitunze kila ukurasa alioufungua. La mhasibu mmoja ni gumu. Nakala inaweza kwenda kwa mweka hazina wa bodi, lakini najua wengi wao hawatafungua hilo faili hata mara moja.

Mfanyabiashara wa jumla, Arua: Mimi ni mweka hazina wa kanisa letu. Hilo faili linakuja likiwa na ukubwa gani?