Tovuti ya benki inagoma kila asubuhi, tarehe ya kompyuta inarudi 2015. Tatizo ni nini?

Duka_la_Arua
Habari zenu wakuu. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Arua, na kompyuta ya mezani niliyonunua ikiwa imetumika. Kila asubuhi nikiwasha na kufungua tovuti ya benki ili nione malipo ya wateja yaliyoingia, Chrome inaniletea ukurasa umeandikwa "Your clock is behind" na chini yake NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Barua pepe nazo hazifunguki. Nikiangalia tarehe chini kulia naikuta 01/01/2015. Naibadilisha kwa mkono, kila kitu kinafunguka, nafanya kazi hadi jioni. Kesho yake yale yale. Kijana mmoja kaniambia ni vairasi, anataka apige Windows upya. Simu yangu kwenye intaneti hiyo hiyo inafungua benki bila shida. Naombeni ushauri kabla sijampa kazi.

Okello_Net
Futa historia ya kivinjari pamoja na kuki, au tumia Firefox. Ukurasa ukikuletea onyo bonyeza Advanced halafu uendelee mbele. Mimi hufanya hivyo kila mara.

MamaPendo_Busia
Ndugu, hapo akaunti imefungwa. Mimi ilinitokea, nikaenda tawini na kitambulisho, wakaifungua siku hiyo hiyo.

Duka_la_Arua
Mama Pendo, akaunti iko sawa, kwenye simu naingia. Okello, Firefox nayo inakataa, inasema kompyuta yangu inadhani leo ni Januari 2015. Na kwenye Chrome hicho kitufe cha kuendelea hakipo.

Fundi_Koboko
Usimpe huyo kijana kazi ya kupiga Windows. Utapoteza siku nzima na kesho asubuhi utaikuta 2015 ile ile, maana tarehe haikai ndani ya Windows. Inakaa kwenye ubao mkuu, kwenye saa ndogo inayoendeshwa na betri ya mviringo, bapa kama sarafu. Nina swali moja: ukifunga duka jioni, unazima swichi ya ukutani?

Duka_la_Arua
Ndiyo fundi, nazima kila kitu ukutani. Radi za huku unazijua, na umeme wa yaka nao unakwisha haraka.

Fundi_Koboko
Basi jibu ndilo hilo. Kompyuta ya mezani ikiwa imezimwa lakini waya bado una umeme, pawasaplai hutoa umeme kidogo unaoilisha ile saa, kwa hiyo betri mbovu haionekani. Ukikata ukutani, saa inabaki na betri peke yake. Betri ikiwa imekufa, saa inasahau na kurudi kwenye tarehe ya kuanzia aliyoiweka mtengenezaji wa ubao. Kwako ni 2015, kwa mwingine ni 2009.

Sasa kwa nini benki inagoma. Kila tovuti ya aina hiyo ina cheti cha kuthibitisha kwamba ni yenyewe, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vingi siku hizi havifiki hata mwaka mmoja. Kompyuta iliyo kwenye 2015 inasoma cheti kilichotolewa juzi na kukiona hakijaanza kutumika. Kivinjari hakiwezi kujua kama saa ndiyo mbovu au cheti ndicho cha uongo, kwa hiyo kinafunga mlango. Tarehe ikiwa sawa kwenye simu, mlango uko wazi. Ndiyo maana simu yako haina shida.

Okello, ndugu yangu, kufuta historia hakugusi saa. Na hiyo tabia ya kubonyeza Advanced iache kabisa kwenye kurasa za benki. Siku mtu akiweka cheti bandia katikati, utabonyeza vile vile ulivyozoea na kumwandikia nywila yako.

Okello_Net
Sawa, nimeelewa. Lakini si Windows inajirekebisha saa yenyewe kutoka kwenye intaneti? Kwangu hujirekebisha.

Fundi_Koboko
Hujirekebisha ikiwa kosa ni dogo. Kwa kompyuta ya nyumbani au dukani, mpaka wa kawaida ni sekunde 54000, yaani saa 15. Tofauti ikizidi hapo inakataa kugusa kitu. Duka la Arua, kesho kabla hujabadilisha tarehe fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

```
net start w32time
w32tm /resync
```

Utaona inalalamika kwamba mabadiliko yanayotakiwa ni makubwa mno. Kisha weka tarehe na saa kwa mkono, hata ukikosea dakika kadhaa si kitu, urudie ule mstari wa pili. Safari hii itakubali.

Ila kabla ya yote angalia saa za eneo. Kompyuta nyingi zilizotumika zinafika hapa zikiwa bado kwenye saa za Marekani. Chagua "(UTC+03:00) Nairobi", ndiyo yetu sisi Uganda. Mtu akiiacha kwenye Pacific na kuandika saa ya hapa kwa mkono, benki inafunguka, halafu intaneti inapoirekebisha inarudi nyuma saa 10 au 11. Hapo anadhani intaneti ndiyo inayoharibu saa, anazima marekebisho, na tatizo halimwishi kamwe.

Binti_Jinja
Fundi samahani, mimi tovuti ya barua pepe inafunguka vizuri lakini ile namba ya tarakimu sita kutoka kwenye programu ya simu inakataliwa. Ni betri pia?

Fundi_Koboko
Hapana dada. Hiyo namba hutengenezwa kwa saa ya simu na hubadilika kila sekunde 30. Simu ikiwa mbele dakika tano, cheti hakijali, lakini namba haikubaliki. Washa tarehe ya kujiweka yenyewe kwenye mipangilio ya simu.

Duka_la_Arua
Fundi, nimefungua. Ni CR2032. Jirani wa redio amepima, imesoma volti 2.1. Na ule mstari wa resync uliniambia hivi: "The computer did not resync because the required time change was too big."

Fundi_Koboko
Mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo, hiyo imekwisha. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha sukuma kile kichuma cha pembeni, betri itaruka yenyewe. Upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu. Ukiwasha inaweza kukuambia ubonyeze F1. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mkuu, weka tarehe. Windows ikikataa kuwaka baada ya hapo, usihangaike kuipiga upya, angalia kwanza humo BIOS kama mpangilio wa SATA, ule wa diski, umebadilika kutoka ulivyokuwa.

Duka_la_Arua
Nimebadilisha jana, nikazima ukutani usiku. Leo tarehe iko sawa na benki imefunguka mara ya kwanza. Asante sana fundi.

Mzee_Gulu
Mimi laptop yangu tarehe ni sahihi hadi dakika, nimelinganisha na simu, lakini nikiwa ofisini benki inaleta onyo. Nyumbani haileti.

Fundi_Koboko
Mzee, hiyo si saa. Nikuombe usiandike nywila hapo ofisini. Bonyeza "Not secure" karibu na anwani, fungua cheti, utuambie kilichoandikwa kwenye Issued By.

Mzee_Gulu
Kuna jina la ofisi yetu.

Okello_Net
Basi ni ya ofisi, haina neno, endelea tu.

Fundi_Koboko
Okello, hapana. Maana yake kuna kifaa cha ofisi kinachofungua mawasiliano katikati. Inawezekana ni utaratibu wao na laptop yako haijawekewa cheti chao, inawezekana si hivyo. Mzee, muulize mtu wa kompyuta hapo ofisini, na kwa sasa benki ifungue kwa data ya simu yako.

Mzee_Gulu
Yuko likizo hadi Jumatatu. Nitarudi.