Naomba ushauri: hotuba ya wakulima wa mwani, sentensi nizivunje wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandaa hotuba ambayo mheshimiwa ataisoma Paje, mbele ya kinamama wa mwani. Rasimu ya wataalamu inasema: "Serikali, kwa kuzingatia kushuka kwa uzalishaji kulikosababishwa na ongezeko la joto la maji, inakusudia kuwapatia wakulima boti ili walime kwenye kina kirefu."

Nilipoisoma kwa sauti, pumzi ilinikatikia kwenye "kulikosababishwa", na kitenzi kikuu hakijafika. Nimeivunja: "Maji yamepata joto. Mwani unakufa. Tutakupeni boti. Mtalima kwenye kina."

Sasa inatamkika, lakini sentensi nne fupi mfululizo zinagonga kama amri. Kibaya zaidi, "inakusudia" imegeuka ahadi. Je, niziunganishe mbili za mwisho? Na "tunakusudia" niirudishe wapi bila kuvunja mdundo?