Mrejesho: ruta mbili, jina moja

Niliuliza: "Ruta ya dukani na ya stoo zote zinaitwa DUKA. Mbona simu zinagoma kila tukivuka ua?"

Asanteni sana wakuu. Aliyesema nikague aina ya usalama ndiye aliyepatia. Ya dukani ilikuwa WPA2, ya stoo WPA3, na nywila tofauti. Simu ikiona jina inalolijua hujaribu kuunga kwa nywila iliyoihifadhi, inakataliwa. Nimeacha jina lilelile, zote WPA2 na nywila moja, chaneli 1 na 6. Kisha kila simu ikafutiwa mtandao wa zamani na kuungwa upya. Hapa Ntinda sasa mobile money haikwami tena. Ila simu moja kuukuu bado inang'ang'ania ruta ya dukani hata ikiwa stoo, mpaka uzime waifai na kuiwasha.